Pua Imevimba, Mashavu Yamekonda: Umbali wa Kamera Unavyoharibu Uso Uliopandikizwa

(Haya ni maongezi niliyoyatoa mbele ya watu wanaoediti video. Nimeyaandika karibu na nilivyoyasema, nimekata tu zile sehemu nilizokuwa natafuta waya wa projekta.)

Jamani habari zenu. Naona wengine bado mnatafuta viti, kaeni tu popote, leo nitaongelea kitu kimoja tu halafu nitawaachia muda wa maswali.

Kabla sijafungua picha hata moja nataka mfanye hivi. Funga jicho moja. Nyoosha mkono mmoja mpaka mwisho, kiganja kikuangalie, mwingine ulete katikati, nusu ya umbali ule. Umeona? Kiganja cha karibu ni kama mara mbili ya kile cha mbali, na vyote ni vyako, vinalingana, na bado ukiviangalia kwa macho yote mawili ubongo unakuambia vinalingana. Kamera haina huo ubongo, ina jicho moja na inaandika ilichoona. Sasa fikiria viganja hivyo hivyo vimeachana sentimita 30 zile zile, ila wewe umerudi nyuma mpaka cha mbele kiko mita 3 kutoka kwako. Cha mbele kitakuwa kikubwa kwa asilimia 10 tu kuliko cha nyuma. Mikono haijabadilika na nafasi kati yake haijabadilika, kilichobadilika ni wewe umesimama wapi.

Uso nao una cha mbele na cha nyuma. Pua iko mbele, macho yako nyuma yake kama sentimita 3 na nusu, mashavu pale yanapokuwa mapana kabisa yako nyuma zaidi, na masikio yako nyuma ya macho kama sentimita 9 hivi. Kutoka ncha ya pua mpaka sikio ni karibu sentimita 12 au 13, inategemea mtu. Kwa hiyo kamera ikisogea karibu na uso inaufanyia kile kile kilichofanyika kwa viganja vyako.

Sasa niwape kesi yenyewe, maana bila kesi haya yatabaki kuwa maneno.

Nilipewa kazi kwenye filamu fupi. Mwigizaji mkuu alikuwa ameshamaliza sehemu zake, akasafiri, halafu wakati wa kuediti ikaonekana kuna sini mbili zinahitaji kurekodiwa upya. Wakamchukua dada mwingine mwenye umbo linalofanana naye, wakarekodi, na mimi nikaambiwa nipandikize uso wa mwigizaji mkuu juu yake, mwenyewe kakubali na karatasi kasaini. Nikamwomba anitumie video za uso wake, ageuke huku na kule, aongee, acheke. Akatuma nyingi tu, mwanga mzuri, kali kabisa, zote za selfi, kashika simu mkononi. Nikafurahi kweli. Nikakata fremu, nikafundisha modeli siku tatu, nikatoa shoti ya kwanza, nikampelekea dairekta. Akaiangalia, akairudia, akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Na kweli alikuwa haonekani kuwa yeye. Macho ni yake, mdomo ni wake, rangi imekubali, kingo za maski hazionekani, lakini uso umekuwa mrefu mwembamba, pua imevimba mbele kama imesukumwa kutoka ndani, na pembeni mashavu yanakimbia nyuma haraka mno halafu ghafla unakutana na taya na masikio ya yule dada mwingine ambayo ni mapana ya kawaida. Ni kama mtu amevaa barakoa iliyotengenezwa kwa kichwa chembamba kuliko chake.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kile ambacho nadhani kila mmoja hapa angefanya, nikaenda kwenye merji, ile hatua ya kubandika uso juu ya video, nikaanza kuchezea `output_face_scale`, namba ya kukuza na kupunguza uso. Nikauongeza uso mpaka mashavu yakafika mahali pake. Macho yakaachana, pua ikazidi kuvimba. Nikaupunguza mpaka pua ikakaa sawa, mashavu yakapotelea ndani ya uso wa yule dada. Usiku mzima umeisha hivyo. Na sasa hivi naweza kuwaambia kwa nini haiwezekani: ile skeli inakuza kila kitu kwa kiasi kimoja, pua na shavu vinapanda na kushuka pamoja, wakati kosa lenyewe ni kwamba pua imezidi NA mashavu yamepungua kwa wakati mmoja. Namba moja hairekebishi makosa mawili yanayokwenda pande tofauti.

Hapa inabidi niseme kidogo softweya inafanya nini inapolinganisha nyuso mbili, maana ndipo kosa linapoingilia. Programu nyingi zinatafuta alama za uso, nyingine alama 5 (macho mawili, ncha ya pua, pembe mbili za mdomo), nyingine 68 zinazozunguka mpaka taya. Halafu zinatafuta namna ya kuuzungusha uso, kuukuza au kuupunguza, na kuuhamisha ili alama zikae mahali pa kawaida. Basi, ni hayo tu. Kuzungusha, kukuza, kuhamisha, yote kwenye karatasi bapa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojua kwamba pua iko mbele ya macho. Kwa hiyo uso uliopigwa kwa karibu ukishalinganishwa unakaa kwenye kiboksi chake vizuri tu, macho yako kwenye mstari, unauangalia unaona uko sawa, lakini ukaribu wa kamera bado umo ndani, haujatoka.

Na modeli za aina niliyokuwa natumia mimi, zile unazozifundisha mwenyewe kwa nyuso za mtu mmoja upande huu na mtu mwingine upande ule, zinajifunza kuchora kile ulichozilisha. Mimi nililisha selfi tupu. Modeli haijawahi kuiona pua ya mwigizaji wetu ikiwa na ukubwa wake wa mbali, itaitoa wapi? Kwake hiyo pua iliyovimba ndiyo pua. (Zile za kuweka picha moja na kubadilisha hapo hapo, kama `inswapper_128`, shida hii ni ndogo, kwa sababu zinachukua utambulisho wa mtu kwa muhtasari na umbo kubwa la uso linafuata video unayopandikiza juu yake. Lakini zina shida zake nyingine na leo sizigusi.)

Sasa twende kwenye hesabu, msiogope, ni kugawanya tu.

Swali la kwanza ni kamera ilikuwa umbali gani. Watu wengi wanakimbilia kuuliza lenzi ilikuwa ya ngapi, na ukiwa na faili halisi la picha unaweza kuisoma hivi:

```
exiftool -FocalLength -FocalLengthIn35mmFormat -SubjectDistance picha.jpg
```

Mstari wa umbali mara nyingi utakuta haupo kabisa, na picha ikishapita kwenye programu za kutumiana meseji kila kitu kinafutwa. Ila jicho lenyewe limebeba rula. Ule mduara wenye rangi, irisi, kwa watu wazima upana wake ni karibu milimita 11.7, na tofauti kati ya mtu na mtu ni ndogo, kama nusu milimita juu au chini. Ukijua upana huo ni pikseli ngapi kwenye picha, na ukijua fokasi ya lenzi kwa pikseli, umbali umeupata.

Mwigizaji wetu alinipa na picha chache halisi, za pikseli 4000 kwa 3000, simu imeandika fokasi sawa na milimita 26. Kona hadi kona ya picha hiyo ni pikseli 5000. Fremu kamili ya 36 kwa 24 kona hadi kona ni milimita 43.3. Nikapima irisi kwa mlalo, sio kwa wima kwa sababu kope zinaifunika juu na chini, nikapata pikseli 100. Basi:

```
fokasi_px = 5000 * 26 / 43.3     # karibu 3000
umbali_mm = 3000 * 11.7 / 100    # 351
```

Sentimita 35. Urefu wa mkono uliokunjwa kidogo, selfi ya kawaida kabisa.

Upande wa pili, video ya yule dada, ilirekodiwa kwa lenzi ya 85 kwenye fremu kamili, upana pikseli 3840. Fokasi kwa pikseli ni 3840 mara 85 gawanya 36, karibu 9070. Irisi yake ina pikseli 35. Ukipiga hesabu ile ile unapata milimita 3030 hivi, yaani mita 3. Nikampigia mshika kamera nikamuuliza, akasema ndio, ilikuwa hatua tatu nne hivi. Na hapa mtu ataniambia pikseli 35 ni chache, ukikosea pikseli 3 umbali unabadilika karibu asilimia 10. Ni kweli, ila kwa mbali haina madhara, mita 2.7 au mita 3.3 uso ni ule ule machoni mwako. Kipimo kinakuwa legelege pale pale ambapo hukihitaji kiwe kikali, na kwa karibu ambako sentimita 5 zina maana, irisi inakuwa kubwa na kipimo kinakuwa kizuri. Angalia tu usimpime mtu aliyegeuka pembeni, na ukumbuke video za simu zinakatwa kingo na ule mfumo wa kutuliza mtikisiko, kwa hiyo fokasi halisi ya video inakuwa ndefu kuliko ile ya picha za kawaida.

Tumepata 35 na 300. Sasa chukua macho kama mahali pa kulinganishia, kwa sababu ndipo softweya inapokaza zaidi. Kwenye selfi, macho yako sentimita 35 na ncha ya pua iko 31.5, kwa hiyo pua imekuzwa kwa 35 gawanya 31.5, asilimia 11 zaidi ya macho. Kwenye ile ya mita 3, ni 300 gawanya 296.5, asilimia 1 tu. Macho yakilingana, pua ya selfi inabaki imezidi karibu asilimia 10. Sasa shavu, tuseme liko sentimita 5 nyuma ya macho. Kwenye selfi ni 35 gawanya 40, limepungua mpaka 0.875. Kwa mbali ni 300 gawanya 305, yaani 0.984. Macho yakilingana, upana wa uso kwenye mashavu umepungua asilimia 11. Masikio ndiyo usiseme, yanapungua asilimia 18.

Pua juu kwa 10, mashavu chini kwa 11. Ukilinganisha pua na upana wa uso, kosa lote linakaribia robo. Na hii sio hesabu yangu ya jikoni tu, mwaka 2018 kwenye jarida la JAMA Facial Plastic Surgery madaktari waliandika kwamba selfi ya sentimita 30 inafanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 ukilinganisha na picha ya mita 1.5, na sababu ya kuandika ni kwamba wagonjwa walikuwa wanakuja kutaka wapunguzwe pua kwa kuonyesha selfi. Mimi nilikuwa napeleka pua hiyo hiyo kwenye filamu.

Sasa kwa nini uso unaonekana MREFU, wakati hakuna aliyeuvuta juu na chini? Hili lilinichukua muda kulielewa. Urefu wa uso unaupima katikati, kutoka paji mpaka kidevu, na sehemu hizo ziko mbele, karibu usawa mmoja na macho, kwa hiyo hazibadiliki sana. Upana unaupima kwenye mashavu na taya, na hizo ziko nyuma. Kamera ikisogea karibu, upana unapungua na urefu unabaki, jicho lako linasoma kwamba uso umevutwa. Ukirudi mbali upana unarudi, na mtu aliyezoea selfi zake anasema nimenenepa, mbona nimekuwa bapa. Hajanenepa, kamera imeacha kumkondesha.

Kuna na kitu kidogo hapo katikati ya pua na mdomo. Kama simu ilikuwa usawa wa macho, ncha ya pua kwa vile imekuzwa kuliko mdomo inashuka chini kuusogelea mdomo wa juu, kama milimita 2 hivi. Ni kidogo, lakini ile nafasi yenyewe ni fupi, na mtu anapoongea unaona mdomo wa juu kama umebanwa. Na kama simu imeshikwa juu, maana wengi wanashika juu, paji linakuwa kubwa na kidevu kinachongoka, hapo umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Sasa lenzi. Najua kuna watu humu wameandika kwenye daftari "lenzi pana inavimbisha pua", naomba muifute, au angalau muiandike upya. Chukua simu yenye lenzi mbili, simama mita 2, mpige mtu na lenzi ya 26, usisogee, mpige na ile ya 77. Ya kwanza ikuze mpaka uso ulingane na wa pili. Ziweke juu ya nyingine, washa zima washa zima. Pua ni ile ile, masikio ni yale yale, ya kwanza tu ina ukungu kwa sababu ya pikseli chache. Lenzi pana haivimbishi pua. Lenzi pana inakushawishi usogee karibu ili uso ujaze fremu, na kule kusogea ndiko kunakovimbisha.

Ila siwezi kuitetea lenzi moja kwa moja, ina dhambi yake moja ambayo ni yake yenyewe. Uso ukiwa kwenye ukingo wa picha ya lenzi pana unavutwa kuelekea nje, hata kama mtu yuko mbali. Mnajua zile picha za kundi ambapo aliyesimama mwisho kichwa kimelala kama yai. Kwenye lenzi ya 26 ukingo wa kushoto au kulia uko karibu nyuzi 35 kutoka katikati, na mvuto hapo unafika asilimia 22 hivi. Karibu na katikati haupo. Kwa hiyo ukiokota uso wa mtu kwenye picha ya kundi ujue unaokota na mvuto wake, na huo hauondoki kwa hesabu ya umbali, huo unauondoa kwa kuzingatia uso ulikuwa wapi kwenye fremu. Ushauri wangu ni usiokote, tafuta picha nyingine.

Utajuaje kwamba shida yako ni umbali na sio kitu kingine, mwanga au maski mbaya? Mimi nafanya hivi: naweka fremu ya awali na fremu iliyopandikizwa juu ya nyingine, nabadilisha haraka haraka, na siangalii macho kwa sababu macho yatalingana tu. Naangalia pengo kati ya ukingo wa tundu la pua na ukingo wa shavu. Likisinyaa pande zote mbili kwa pamoja, ni umbali. Likisinyaa upande mmoja na kupanuka upande mwingine, hapo ni kichwa kimegeuka tofauti. Halafu naangalia masikio. Kwa karibu mashavu yanaficha masikio, kwa sababu kamera ikiwa karibu na kitu cha mviringo inaona sehemu ndogo zaidi ya pembeni zake. Ukiona masikio yako wazi kabisa lakini mashavu yanakimbia nyuma kama ya selfi, kamera mbili tofauti zimekutana kwenye kichwa kimoja. Na mtu akigeuka robo tatu ndiyo inajionyesha vibaya kabisa, jicho la upande wa mbali kwenye selfi linapotea nyuma ya pua mapema, wakati video ya mbali bado inalionyesha, basi modeli inachora jicho lililobanwa mahali ambapo jicho zima lilitakiwa kuwepo.

Kinyume chake nacho kipo, nitakigusa tu. Ukichukua picha za studio za mita 3 ukaziweka kwenye video ya mtu anayejirekodi kwa mkono, uso unakuwa bapa kama stika, mpana, pua haina uzito, na kwa sababu yeye anasogea mbele na nyuma sentimita kumi kumi, uso halisi unabadilika umbo kila sekunde na wa kwako haubadiliki. Hiyo ni ngumu kuliko ya kwangu. Mita 3 mtu akisogea sentimita 30 huoni kitu.

Nilirekebishaje? Nilijaribu njia ya mkato kwanza, nikavuta picha kwa mkono, pua ndani, mashavu nje, kwa fremu moja iliyoangalia mbele ikakaa vizuri sana mpaka nikajipongeza. Fremu ya pili kageuka kidogo na ule mvuto ukaanza kuteleza juu ya uso kama maji. Kuvuta kwa bapa kunafaa picha mnato, video haifai. Njia ya kati ni kutengeneza kichwa chake cha 3D kutoka kwenye hizo hizo selfi, kukipaka picha zake, halafu kukipiga upya na kamera ya uongo iliyowekwa mita 3, na nyuso hizo ndizo unazilisha modeli. Inafanya kazi, nimeshaitumia kwa mtu ambaye hakuweza kupatikana tena, ila kile ambacho selfi haikukiona, ile sehemu ya shavu inayoelekea sikio, inabaki ya kubuni, na inaonekana laini kuliko ngozi iliyobaki.

Kwa mwigizaji wetu nikafanya kitu cha kijinga na rahisi kuliko vyote, nikampigia simu. Nikamwomba aweke simu juu ya kitu, usawa wa macho yake, arudi hatua tatu nne, mtu mwingine abonyeze. Akaniuliza swali zuri sana, "Sasa si nitaonekana mdogo?" Na hapo ndipo fokasi inapopata kazi yake halali. Uso wa sentimita 20 ukiwa mita 3, kwa lenzi ya 26 kwenye video ya upana wa 3840, unapata pikseli 185 hivi, haitoshi, modeli yangu ilikuwa ya uso wa pikseli 320. Kwa lenzi ya 77 ya simu hiyo hiyo unapata karibu 550. Nikamwambia asogeze zumu mpaka simu ihamie ile lenzi ya pili, asiishie kwenye zumu ya kukata pikseli. Umbali ndio unaotengeneza umbo, fokasi inakupa pikseli za kulionea.

Nikapata dakika 12 tu za video, sio zile saa mbili za selfi. Selfi nikazitoa ZOTE kwenye mafunzo, na hili nalisisitiza kwa sababu roho inauma, unasema niziache zile kali kali zisaidie. Nilijaribu kuchanganya. Modeli ikajifunza pua mbili, na akigeuka, pua inavimba na kusinyaa katikati ya sentensi. Nikazitoa, nikafundisha upya, na `output_face_scale` nikaiacha kwenye sifuri. Mashavu yakakutana na taya, pengo la pua na shavu likatulia. Dairekta safari hii hakuuliza ni nani, akauliza kwa nini rangi ya shingo imekuwa ya njano, na kwangu hilo lilikuwa swali zuri.

Shoti moja ilinishinda. Kuna mahali yule dada anainama kuelekea kamera kuokota kitu mezani, anafika kama sentimita 50 kutoka kwenye lenzi, halafu anarudi. Dakika 12 zangu zote zilikuwa za mita 3, sasa modeli haikuwa na uso wa karibu hata mmoja, na uso ukawa bapa ghafla kwa sekunde mbili kisha ukarudi. Nikakumbuka zile selfi nilizozitupa. Nikafundisha modeli ya pili, ya selfi peke yake, kwa ajili ya sekunde hizo mbili tu, nikaunganisha pale anapopita sentimita 80 hivi, kwa fremu 9 za kuchanganya. Ukiisimamisha utaona pua ikipumua kidogo kwenye fremu ya nne au ya tano. Haya, nani ana swali, wewe dada wa nyuma kule uliyekuwa unatikisa kichwa nilipoongelea lenzi, anza wewe.